Meno 28 kwa mizunguko 40

Gia ya meno 28 imevunjika meno matatu, mashine yenyewe ni ya zamani, na duka la vipuri halina gia ya kufanana nayo. Kazi inapelekwa kwa fundi wa mashine ya milingi. Kukereza duara la chuma lenye kipenyo cha gia ile hakumsumbui. Kinachomsumbua ni mahali pa kukata. Kisu kitapita ukingoni mara 28, na kila mpito lazima uwe umbali uleule kutoka ule uliotangulia, hadi mpito wa mwisho ukutane na wa kwanza bila kuacha nafasi ya ziada wala kubanana.

Ukigawanya nyuzi 360 kwa 28 unapata nyuzi 12.857142, kisha tarakimu hizo sita za baada ya nukta zinajirudia bila kikomo. Hakuna kipimapembe cha karakana kinachoweza kusomeka hivyo. Kupima kwa rula ukingoni nako hakufai. Tuseme gia ni ya moduli 2: kipenyo chake cha nje ni milimita 60, mzingo wake ni kama milimita 188.5, na kila jino lina nafasi ya karibu milimita 6.73. Fundi akikosea kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita kila anapopima, na makosa yote yakaelekea upande mmoja, atakapofika jino la 28 atakuwa amepotea milimita 2.8. Hiyo inakaribia nusu ya nafasi ya jino zima. Gia ya namna hiyo itaunguruma siku ya kwanza na kuvunjika baadaye.

Njia iliyozoeleka kwenye karakana haipimi pembe kabisa. Inahesabu. Kifaa kinachofanya hesabu hiyo ni kichwa cha kugawanya, ambacho mafundi wengi hukiita divaidingi hedi. Mwaka 1862 Joseph R. Brown wa kampuni ya Brown & Sharpe, mjini Providence nchini Marekani, alitoa mashine ya milingi yenye kichwa cha aina hii ili kukata mifereji inayojipinda kwenye biti za kutobolea chuma. Mpangilio wa matundu wa kampuni hiyo bado unaigwa na watengenezaji wengi, kwa hiyo fundi anayejifunza leo ana uwezekano mkubwa wa kukutana nao.

Kwa nje, kichwa hiki ni boksi zito la chuma linalofungwa juu ya meza ya mashine. Upande mmoja hutoka spindo, yaani ekseli inayoshika kazi inayokatwa. Ubavuni kuna mkono wa kuzungusha wenye pini ya springi kwenye ncha yake, na nyuma ya mkono huo kuna sahani bapa ya chuma iliyojaa matundu madogo yaliyopangwa katika maduara, duara ndani ya duara.

Siri iko ndani ya boksi. Spindo imevaa gia ya meno 40. Mkono umeunganishwa na skrubu nene, wanayoiita wom, ambayo uzi wake umeingia katikati ya meno hayo. Mkono ukizunguka mara moja, uzi wa skrubu unaisogeza gia jino moja tu. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa mkono unaigeuza kazi kwa sehemu moja ya 40 ya duara, ambayo ni nyuzi 9 kamili, na mizunguko 40 ya mkono inaizungusha kazi mara moja nzima.

Uwiano huo una faida kubwa kuliko inavyoonekana mwanzoni. Kama tundu moja la sahani lilitobolewa likiwa limepotoka kidogo, kosa hilo likifika kwenye kazi linakuwa limepunguzwa mara 40. Sahani inaweza kuwa na dosari ndogo na gia bado ikatoka safi. Ndiyo maana fundi mzoefu huogopa zaidi kuchakaa kwa skrubu na gia ya ndani, kwa sababu dosari ya hapo haina cha kuipunguza.

Kabla ya hesabu yoyote, uwiano wenyewe uhakikishwe. Vichwa vingi ni vya 40, lakini si vyote. Vipo vya 60 na vya 90 pia. Kuhakikisha hakuhitaji kitabu. Chora mstari wa chaki kwenye chaki ya mashine inayoshika kazi, chora mwingine unaolingana nao kwenye boksi, kisha zungusha mkono huku ukihesabu hadi mistari ikutane tena. Namba utakayopata ndiyo inayokaa mahali pa 40 katika kila hesabu itakayofuata.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mizunguko ya mkono kwa kila mgawanyo ni 40 ÷ N, ambapo N ni idadi ya migawanyo inayotakiwa. Ukitaka pande nane, 40 ÷ 8 ni mizunguko mitano. Ukitaka meno 20, ni mizunguko miwili. Hapa sahani inatoa tundu moja tu la kurudishia pini kila mara, na kazi inakwenda.

Ugumu unaanza pale 40 isipogawanyika sawasawa. Kwa gia yetu, 40 ÷ 28 ni mzunguko mmoja na sehemu 12/28 ya mzunguko. Watu wengi hapa hushika kikokotoo na kupata 1.428571. Huo ndio mlango wa kupotelea. Desimali hiyo haina mwisho, na sahani haina tundu linaloitwa 0.428571. Kinachohitajika ni kubaki na sehemu kama zinavyofundishwa shule ya msingi. Gawanya kiasi na asili kwa 4, na 12/28 inakuwa 3/7. Sasa swali limebadilika: duara gani la matundu linaweza kukatwa katika vipande saba vilivyo sawa?

Sahani tatu za Brown & Sharpe zina maduara sita kila moja. Ya kwanza ina maduara ya matundu 15, 16, 17, 18, 19 na 20. Ya pili ina 21, 23, 27, 29, 31 na 33. Ya tatu ina 37, 39, 41, 43, 47 na 49. Katika hayo yote 18, yanayogawanyika kwa 7 ni mawili tu, la 21 na la 49. Ukichagua la 21, kila sehemu ya saba ina nafasi 3, hivyo 3/7 ni nafasi 9. Ukichagua la 49, kila sehemu ya saba ina nafasi 7, na 3/7 ni nafasi 21. Majibu yote mawili ni sahihi kabisa, na lile la 21 ni jepesi kuhesabu. Kwa hiyo jibu la gia ya meno 28 ni hili: sahani ya pili, duara la matundu 21, mzunguko mmoja kamili na nafasi 9 kwa kila jino.

Jibu hilo linapaswa kujaribiwa kwenye karatasi kabla ya chuma kuguswa. Mizunguko mizima ni 28 × 1, yaani 28. Nafasi ni 28 × 9, yaani 252, na 252 ukigawanya kwa 21 unapata mizunguko 12. Jumla, 28 na 12 ni 40. Hesabu imefunga. Kama jumla ingekuwa 39 na kitu, au 40 na kitu, basi mahali fulani sehemu imepunguzwa vibaya. Pembe ile yenye tarakimu zisizokwisha imepatikana kikamilifu, bila mtu yeyote kuisoma kwenye kipimo.

Kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye sahani kuna hatua moja inayowaangusha wanafunzi wengi kuliko hesabu yote iliyotangulia. Nafasi 9 si matundu 9. Tundu ambalo pini imekaa tayari halihesabiwi. Ni mahali pa kuanzia, kama kijiji unachotoka kisivyohesabiwa katika vijiji utakavyovifikia njiani. Hesabu inaanza na tundu linalofuata: moja, mbili, hadi tisa. Kwa hiyo, ukiangalia kuanzia pini ilipo hadi inapokwenda, utaona matundu 10.

Ili fundi asihesabu upya kila jino, mbele ya sahani kuna mikono miwili myembamba ya bapa inayofunguka na kufungwa kama makasi, kisha kukazwa kwa skrubu. Pini ikiwa ndani ya tundu, mkono wa nyuma unaegemezwa kwenye pini. Fundi anahesabu nafasi tisa, na mkono wa mbele anauweka kupita kidogo tundu la tisa, likiwa bado linaonekana kwa ndani. Hapo anakaza skrubu. Kuanzia sasa umbali kati ya mikono miwili unashika zile nafasi 9 kwa niaba yake.

Mwendo wa kila jino unakwenda hivi. Kisu kikishatoka kwenye chuma, spindo inafunguliwa breki yake. Pini inavutwa nje ya tundu, mkono wa kuzungusha unapita mzunguko mmoja kamili hadi pale ulipoanzia, kisha unaendelea hadi tundu lililo karibu na mkono wa mbele wa kuhesabia, na pini inaachiwa iingie. Baada ya pini kuingia, na si kabla, mikono yote miwili inasukumwa pamoja hadi wa nyuma uguse pini tena. Spindo inakazwa breki. Kisu kinapita. Fundi anayesogeza mikono ya kuhesabia kabla ya kuzungusha atafika kwenye tundu lisilo lake, na hakuna kitu kwenye mashine kitakachomwonya.

Kuna jambo la mkono ambalo hesabu haiwezi kulisema. Kati ya skrubu na gia ya ndani kuna ulegevu kidogo, hata kwenye kichwa kipya. Mkono ukizungushwa upande mmoja tu muda wote, ulegevu huo hukaa upande mmoja na hauna madhara. Fundi akipitiliza tundu kwa bahati mbaya, halafu akarudisha pini nyuma hadi kwenye tundu lake, pini itakaa sawa lakini kazi haitakuwa imerudi, kwa sababu skrubu imezunguka ndani ya ulegevu bila kusukuma chochote. Dawa yake ni kurudi nyuma mbali, kama nusu mzunguko, kisha kuja tena kwa upande uleule wa siku zote hadi tundu linalotakiwa.

Makosa ya kuhesabu yana alama zake, na inafaa kuzijua kwa sababu zinamwambia fundi alichokosea. Tuseme mwanafunzi amehesabu tundu la pini kuwa la kwanza. Badala ya nafasi 9 amepita nafasi 8. Kila jino limepungukiwa nafasi moja ya duara la 21, ambayo kwenye kazi ni chini ya nusu ya nyuzi moja. Jicho halioni. Lakini mara 28 upungufu huo unafika nyuzi 12 kamili, karibu upana wa jino zima na nafasi yake. Akimaliza, meno 27 yanaonekana mazuri, na la 28 limebaki nene, limekaa peke yake mahali ambapo jino la 29 lingekaribia kutosha.

Akikosea upande wa pili, akapita nafasi 10, alama inageuka. Nyuzi zinazidi badala ya kupungua, na mpito wa 28 unaangukia karibu juu ya mpito wa kwanza. Gia inatoka na meno 27, na bonde moja pana kuliko mengine. Anayeona gia ya namna hiyo mezani hana haja ya kuuliza kilichotokea. Jino moja nene linasema nafasi zilipungua kila mara, na bonde moja pana linasema zilizidi. Ikiwa ni jino moja tu katikati ya safari lililo jembamba, huku lililo jirani nalo ni nene, basi kosa halikuwa kwenye mikono ya kuhesabia. Mara moja tu fundi aliweka pini kwenye tundu la jirani, kisha akalirekebisha bila kujua.

Yote hayo yanaweza kugunduliwa chuma kikiwa bado kizima. Kisu kinachofaa hapa ni kile ambacho, katika seti ya kawaida ya visu vinane vya gia, hukata gia za meno 26 hadi 34. Kina cha kukata kwa moduli 2 ni milimita 4.5. Kabla ya kushusha kisu hadi hapo, fundi makini hukiacha kiguse tu ngozi ya chuma na kuzunguka na gia nzima, akiweka alama nyembamba kwa kila mgawanyo. Inachukua dakika chache. Mwishoni anahesabu alama. Zikiwa 28, na pini imerudi kwenye tundu ililoanzia, na kisu kimesimama juu ya alama ya kwanza, ndipo anakata kwa kina. Tundu la kuanzia hutiwa nukta ya chaki au rangi kwa ajili hiyo. Kwenye duara la 21, mizunguko 40 ni mizima, kwa hiyo pini haina budi kurudi hapo hapo.

Si kila namba inayokubali. Mfano wa 28 ulikwenda vizuri kwa sababu 28 na 40 zinagawanyika zote kwa 4, na ilipobaki 7, duara la kufaa lilikuwepo. Kwa migawanyo 51, sehemu 40/51 haipunguziki hata kidogo. 51 ni 3 × 17, na sahani ya kwanza ina duara la 17, lakini hilo halitoshi: linahitajika duara ambalo idadi ya matundu yake ni kigawe cha 51 yenyewe. Brown & Sharpe hawana. Sahani ya Cincinnati, kampuni nyingine ya Marekani, ina duara la matundu 51, na kwayo jibu ni nafasi 40 kwa kila mgawanyo. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mtu anayeuza kichwa kilichotumika ni sahani ngapi zinafuatana nacho. Kichwa kisicho na sahani zake kinaweza kutoa 2, 4, 5, 8, 10, 20 na 40, basi.

Halafu kuna 127. Namba hii haiepukiki kwa karakana zenye mashine za kukereza za vipimo vya inchi zinazotakiwa kukata nyuzi za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na 254 ni 127 mara mbili. Kwa hiyo gia inayounganisha vipimo hivyo viwili bila kosa ina meno 127. Namba 127 ni tasa, sahani za kawaida hazina duara la matundu 127, na hakuna namna ya kupunguza 40/127.

Njia inayotumika ni kuacha sahani yenyewe itembee. Fundi anachagua namba ya jirani inayogawanyika kwa urahisi, tuseme 120. Kwa 120, 40/120 ni theluthi moja ya mzunguko: nafasi 7 kwenye duara la 21. Akiishia hapo angepata gia ya meno 120. Lakini spindo inaunganishwa na sahani kwa gia za kubadilisha, ili kazi inapozunguka, sahani nayo izunguke polepole kinyume cha mkono, ikiyapunguza matundu kidogo kidogo. Uwiano wa gia hizo ni (120 − 127) × 40 ÷ 120, yaani −7/3. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba sahani iende kinyume na mkono. Gia ya meno 56 kwenye spindo na ya meno 24 upande wa sahani zinatoa 7/3, na zote mbili zimo katika seti inayoambatana na vichwa vya Brown & Sharpe. Gia za katikati, moja au mbili, huwekwa hadi mwelekeo uwe sahihi.

Kuna vitu viwili vinavyosahaulika hapa. Pini ya nyuma inayoizuia sahani lazima ifunguliwe, la sivyo mkono hautazunguka. Na spindo lazima ibaki imelala sawa na meza, kwa sababu gia za kuunganisha haziwezi kuifuata ikiinuliwa. Kuhusu mwelekeo, fundi haamini karatasi pekee: anazungusha mkono taratibu na kuangalia sahani kwa macho. Ikienda pamoja na mkono, anaongeza au kuondoa gia moja ya katikati. Akiiacha iende pamoja, mkono utaongezewa mwendo badala ya kupunguziwa, na gia itatoka na meno 113.

Jaribio la karatasi linafunga vilevile. Mkono ukisogea theluthi moja mara 127 juu ya sahani, umefanya mizunguko 42 na theluthi. Wakati huo kazi imezunguka mara moja, kwa hiyo sahani imerudi nyuma mizunguko miwili na theluthi. Toa, na kinachobaki ni 40.